Jibu Ni Lipi, Mwalimu?

Swali la 6 lilisomeka hivi: 20 − 8 + 5. Chini ya karatasi, kwenye kisanduku cha majibu nilichowawekea wazazi ili wawasaidie watoto, palikuwa na jibu: 7. Karatasi 52 zilitoka shuleni Ijumaa mchana mikononi mwa watoto wa darasa la tano. Jumatatu zilirudi na ugomvi.

Kilichotokea ni kidogo sana. Katika rasimu yangu ya mkono niliandika 20 − (8 + 5), na jibu lake kweli ni 7. Kijana wa steshenari aliyechapa kazi ile aliruka mabano. Nami nilipochukua kopi nilihesabu karatasi, nikalipa, nikaondoka bila kuisoma hata moja. Mabano yakipotea, swali linakuwa jingine kabisa, na jibu linakuwa 17.

Kosa la uchapaji kwa kawaida linajitangaza lenyewe. Hili halikujitangaza, kwa sababu lilipata mtetezi: MAGAZIJUTO. Kila aliyepita shule ya msingi Tanzania analijua neno hilo: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Baba mmoja aliona 20 − 8 + 5, akakumbuka kwamba JU iko mbele ya TO, akajumlisha kwanza 8 na 5 akapata 13, akatoa kwenye 20, ikabaki 7. Akatazama kisanduku cha majibu: 7. Nani angembishia? Mwanawe alikuwa ameshaandika 17. Aliambiwa afute. Alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, na ule mguu wa 1 ukawa bado unaonekana pembeni mwa 7.

Hapa panahitaji maelezo, maana huu ni mtego uliowanasa watu wengi wenye akili zao. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja. Vikikutana kwenye mstari, unaanza kushoto kwenda kulia. Una shilingi elfu ishirini, unatumia elfu nane sokoni, ukirudi njiani mjomba anakupa elfu tano. Hakuna mtu atakayefika nyumbani na elfu saba. Ukitaka kujumlisha kwanza unaweza, ila kila namba itembee na alama iliyo mbele yake: 20 + 5, kisha toa 8. Ile 8 ilikuwa ya kutolewa, basi huwezi kuigeuza ya kujumlishwa kwa kuwa tu imekaa jirani na alama ya kujumlisha.

Kugawanya na kuzidisha navyo vina daraja moja, lakini kule neno letu halidhuru: ukitanguliza GA kabla ya ZI jibu linatoka sawa. Shida iko mwishoni tu. Laiti waliotutungia wangesema MAGAZITOJU, mtoto anayefuata herufi bila kufikiri asingepotea. Ila halitamkiki vizuri, nakubali.

Sasa barua. Nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma, tukaandika kama tulivyozoea kuandika: Kumb. Na. juu kushoto, YAH: kwa herufi kubwa, halafu “Husika na kichwa cha habari hapo juu.” Ikafuata kwamba uongozi wa shule unapenda kuwataarifu wazazi kuwa kulijitokeza changamoto ya kiuchapaji katika kazi ya nyumbani ya somo la Hisabati, na kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Mhuri, saini, ikatoka.

Kesho yake mama mmoja alinifuata getini, barua mkononi. “Mwalimu, nimeisoma mara mbili. Kwa hiyo jibu ni lipi?”

Nilijibu 17, akaondoka. Nilibaki na barua yangu nikiisoma kama mzazi. Haikusema ni swali la ngapi. Haikusema jibu sahihi. Haikusema alama za mtoto zitakuwaje. Tena haikuwa na mtu ndani yake: changamoto “ilijitokeza”, usumbufu nao “ukajitokeza”, kama mvua. Neno “wowote” ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linamwambia mzazi kwamba hata hatuna hakika kama alisumbuka. Na “changamoto” siku hizi tumeigeuza shuka la kufunikia kila kosa ofisini.

Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu kuandika nyingine. Ilikuwa nusu karatasi:

“Ndugu Mzazi/Mlezi,

Katika kazi ya nyumbani ya Hisabati ya Ijumaa iliyopita, swali la 6 lina kosa. Lilitakiwa kuwa 20 − (8 + 5), ambalo jibu lake ni 7. Mabano hayakuchapwa. Kwa jinsi lilivyoandikwa kwenye karatasi, jibu sahihi ni 17.

Kosa ni langu. Sikuihakiki karatasi kabla ya kuitoa. Naomba mniwie radhi, ninyi na watoto.

Mtoto aliyeandika 17 alikuwa sahihi, na kama alifuta, naomba aambiwe hivyo nyumbani. Aliyeandika 7 hatapoteza alama, kwa kuwa alifuata jibu tulilompa. Wote watapata vema kwenye swali hilo. Alhamisi tutalifanya upya darasani, likiwa na mabano na bila mabano.

Hakuna la kurudia nyumbani. Tafadhali saini hapa chini, kipande kirudi kesho.”

Mwalimu mkuu aliishia kwenye “Kosa ni langu.” Akauliza kama nina hakika, kwa maana wazazi wataishika barua ile. Nilikuwa na hakika. Nilishawishika kumtaja kijana wa steshenari, lakini mzazi hamjui kijana yule na wala hakumkabidhi mtoto wake. Zaidi ya hapo, kuchapa ilikuwa kazi yake na kuhakiki ilikuwa yangu.

Uamuzi wa alama ndio uliochukua muda mrefu. Wenzangu wawili walitaka swali lifutwe, kila mtoto ahesabiwe kwa maswali 9 badala ya 10. Ni rahisi kusahihisha, lakini kungemnyima alama yule aliyepata 17 kwa jasho lake huku kila mtu akimwambia amekosea. Kumpa kosa aliyeandika 7 nako ni kumwadhibu kwa kutuamini. Tukaacha wote wapate, na darasa la Alhamisi lifanye kazi ya kutofautisha.

Kipande cha saini si mapambo. Barua za shule hufia kwenye mabegi, chini ya madaftari na maganda ya machungwa, na mtoto aliyekosa swali hana haraka ya kuifikisha. Kwa watoto ambao nyumbani hakuna anayesoma, niliwasomea barua nzima darasani mara mbili ili wakaieleze kwa mdomo. Bibi mmoja alisaini kwa kidole gumba.

Vipande 47 vilirudi siku ya pili. Vitano nilivifuata mmoja mmoja, na viwili kati yake havikuwa vimetoka kwenye mabegi. Yule baba wa MAGAZIJUTO alirudisha chake na neno moja nyuma: “Tumemrudishia.” Nilidhani anazungumzia alama. Nilipofungua daftari la mwanawe nikakuta juu ya lile tundu pamebandikwa kipande cha karatasi, na baba ameandika 17 kwa mkono wake.