Hadithi ya Mdomo na Hadithi ya Kitabu: Kumbukumbu, Mamlaka na Umbo

Katika tamthilia au riwaya yako teule, mtahini anaweza kuchukua sentensi moja na kukuuliza, "Eleza muktadha wa dondoo hili." Utataja msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo. Swali hili linawezekana kwa sababu moja tu: sentensi ile ni ileile katika nakala yako, katika nakala ya mtahini na katika nakala ya mtahiniwa wa Turkana ambaye hamjawahi kuonana. Sasa jaribu kuuliza swali hilohilo kuhusu mighani aliyosimulia mzee jana jioni. Haliwezekani. Leo akiisimulia tena, sentensi ile huenda isiwemo.

Hapa ndipo tofauti kuu kati ya fasihi simulizi na fasihi andishi ilipo. Hadithi ya mdomo huishi kwa kuundwa upya kila inaposimuliwa. Hadithi iliyochapishwa huishi kwa kubaki ilivyo. Ukilielewa jambo hili, huna haja ya kukariri orodha ndefu ya tofauti, kwa kuwa nyingi hutokana nalo. Tutalifuata kupitia mighani unayoifahamu, ya Fumo Liyongo.

Liyongo katika mdomo na katika maandishi

Liyongo ni shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, katika eneo la Pate na mdomo wa Mto Tana. Wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Masimulizi yake yalipita kwa mdomo miaka mingi, na si miongoni mwa Waswahili pekee, kwani Wapokomo wa Mto Tana nao wana masimulizi kumhusu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi yake kwa nathari katika kitabu chake cha ngano za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa, mshairi na mwandishi wa hati wa Lamu, aliiandika kwa umbo la utendi. Kwa hiyo mighani hii inatuonyesha hadithi ileile ikiwa pande zote mbili.

Kiini chake ni hiki. Mfalme anamwonea wivu Liyongo na kumfunga gerezani. Mamake anamtumia mkate wenye tupa ndani. Watu wanapocheza ngoma ya gungu nje, Liyongo anakata pingu kwa tupa, na kelele za ngoma zinaficha sauti ya chuma. Anatoroka. Baadaye msaliti wa damu yake anaivumbua siri yake, kwamba anaweza kuuawa kwa sindano ya shaba kitovuni pekee. Anachomwa usingizini. Anaamka, anachukua upinde, anapiga magoti karibu na kisima na kufa katika hali hiyo. Watu wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai.

Kumbukumbu: mtambaji hukumbuka nini?

Watahiniwa wengi huandika kwamba fanani "hukariri hadithi". Kauli hii haitoshi. Fanani hakariri maneno. Hukumbuka mifupa ya hadithi, kisha huivika nyama mbele ya hadhira.

Tazama mifupa ya Liyongo: wivu, pingu, mkate, ngoma, sindano, kisima. Kila kiungo kimeshikizwa kwenye kitu kinachoonekana. Mtu anaweza kusahau jina la askari, lakini hasahau tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Na siri ya sindano nayo ni ya ajabu kiasi kwamba ukiisikia mara moja haikutoki. Linganisha na Luanda Magere wa Waluo, mwenye mwili wa jiwe, ambaye nguvu zake zimo kivulini. Katika mighani zote mbili shujaa hashindiki, ana siri moja, na mtu wa karibu anaivumbua. Muundo huu humsaidia fanani. Akishajua njia, hatapotea hata akiipita kwa maneno mapya.

Jambo hili limechunguzwa. Kati ya mwaka 1933 na 1935, Mmarekani Milman Parry, akisaidiwa na mwanafunzi wake Albert Lord, aliwarekodi waimbaji wa tendi nchini Yugoslavia. Mwimbaji angesisitiza kwamba ameimba utendi uleule, neno kwa neno. Rekodi zilipolinganishwa, maneno yalitofautiana. Mwimbaji hakuwa mwongo. Kwake, "uleule" ulimaanisha matukio yaleyale kwa mpangilio unaofaa. Wazo la neno kwa neno, jinsi wewe na mimi tunavyolielewa, linahitaji maandishi ya kulinganishia.

Kitabu, kwa upande wake, hukukumbukia. Mwandishi wa riwaya anaweza kumtaja mhusika mdogo katika sura ya kwanza na kumrudisha katika sura ya tisa, kwa sababu anajua unaweza kufungua ukurasa wa nyuma. Ndiyo maana kitabu hustahimili wahusika wengi, tarehe na mambo madogomadogo ambayo yangemchosha msikilizaji.

Mamlaka: ni nani anayesema hadithi ni sahihi?

Kitabu kina jina la mwandishi, mwaka na mchapishaji. Mkibishana darasani kuhusu alichosema mhusika, mnafungua ukurasa na ubishi unakwisha. Mamlaka yamo katika matini.

Katika utambaji, mamlaka yamo katika watu. Fanani huaminiwa kwa umri wake, kwa kumtaja aliyemsimulia na kwa kibali cha hadhira. Hadhira nayo si bubu. Fanani akiruka tukio la mkate, mzee aliyeketi pembeni atauliza, "Na ile tupa aliipataje?" Hadithi isiyokubalika haina mtu wa kuisimulia tena, na hivyo inakufa.

Mamlaka haya ya watu ndiyo yanayoifanya hadithi ibadilike pamoja na jamii. Chukua msaliti wa Liyongo. Katika masimulizi mengine ni mwanawe. Katika mengine ni mpwa wake, mtoto wa dada. Ni rahisi kusema kwamba msimulizi mmoja amekosea. Lakini jiulize: mrithi ni nani? Katika jamii inayofuata ukoo wa mama, mrithi wa mwanamume ni mpwa wake. Katika jamii inayofuata ukoo wa baba, mrithi ni mwanawe. Kwa hiyo kila toleo linaweza kuwa linasema jambo lilelile kwa watu wake: aliyemuua Liyongo ni yule aliyetarajiwa kumrithi. Jina la uhusiano limebadilika ili uchungu wa usaliti ubaki.

Kitabu hakiwezi kufanya hivyo chenyewe. Kikishachapishwa kwamba ni mwana, kitasema mwana hata jamii ikibadilika. Hiyo ni nguvu yake, kwa kuwa tunaweza kujua mwaka 1913 Kijumwa aliandika nini hasa. Ni udhaifu pia, kwa sababu toleo moja likishaingia kitabuni, wasomaji huanza kuliona ndilo sahihi na mengine ndiyo makosa.

Umbo: sentensi zenyewe hubadilika

Soma vifungu hivi viwili, vilivyotungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Cha kwanza kimeigiza utambaji:

*Mama akapika wali, akautuma. Askari wakaula. Mama akapika nyama, akaituma. Askari wakaila. Mama akaoka mkate wa wishwa, akatia tupa, akautuma. Askari wakautazama. Wakasema, "Wishwa huu! Mpeni mfungwa wenu."*

Cha pili kimeandikwa kwa ajili ya kusomwa:

*Tupa ilikuwa imeshakula nusu ya pingu ndipo askari alipokumbuka kwamba mkate ule wa wishwa, ambao yeye mwenyewe aliudharau, ulikuwa mzito kuliko kawaida.*

Katika kifungu cha kwanza, sentensi ni fupi na zinafuatana kwa wakati kupitia kiambishi *-ka-*. Kuna takriri, na tukio la tatu ndilo linalovunja mazoea. Msikilizaji aliyekohoa kidogo hakupoteza kitu, kwa sababu jambo limerudiwa. Hatuambiwi askari anawaza nini, tunamsikia akisema.

Katika kifungu cha pili, tumeanzia katikati, tukarudi nyuma kwa mbinu rejeshi na kuingia akilini mwa askari. Sentensi ni moja, yenye vishazi vitegemezi. Msomaji asipoielewa, ataisoma tena. Msikilizaji hana nafasi hiyo.

Kwa hiyo, takriri katika ngano si uvivu wa lugha. Ni kazi ambayo kitabuni hufanywa na ukurasa.

Tahadhari: mpaka si ukuta

Usiandike kwamba kila kilichoandikwa kimeachana na mdomo. Utendi wa Kijumwa ni maandishi, lakini kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, na kina cha kipande cha mwisho hurudi katika utendi mzima. Huo ni mpangilio wa sikio, kwani tendi za pwani ziliandikwa ili zighaniwe mbele ya watu. Vilevile, pwani ilikuwa na hati za Kiarabu zilizonakiliwa kwa mkono karne nyingi kabla ya vitabu vya kupigwa chapa. Maandishi na masimulizi yaliishi nyumba moja.

Swali la mazoezi

*Mwanafunzi alisimuliwa mighani na nyanya yake, kisha akaisoma kitabuni. Alipoona msaliti ni tofauti, alisema, "Nyanya amekosea." Tathmini kauli hii. (alama 10)*

Jibu zuri litaanza kwa kukataa kipimo alichotumia mwanafunzi: anapima hadithi ya mdomo kwa sheria ya kitabu, ambamo kuna matini moja sahihi. Litaeleza kwamba fanani huhifadhi mifupa ya hadithi wala si maneno. Litaonyesha, kwa mfano wa mwana na mpwa, kwamba badiliko linaweza kulinda maana badala ya kuiharibu. Litataja kwamba kitabu nacho kilitokana na msimulizi fulani, kwa hiyo ni toleo mojawapo lililogandishwa.

Kisha litakiri upande wa pili. Si kila badiliko lina maana. Fanani akisahau tupa, pingu za Liyongo zitakatikaje? Hilo ni kosa, na dalili yake ni kwamba tukio linalofuata halisimami tena. Msaliti akiwa mpwa, hadithi bado inasimama. Tumia kipimo hicho kabla ya kumhukumu nyanya.