Saini ya Leicester, kiwanja cha Dodoma

Nesi wa Kitanzania anayefanya kazi Leicester, Uingereza, anataka kuuza kiwanja chake cha Dodoma. Mnunuzi amepatikana, bei imekubaliwa, na mdogo wake wa kiume yuko tayari kushughulika. Kinachokosekana ni karatasi inayompa kijana huyo haki ya kusaini mahali pa dada yake. Karatasi hiyo ni hati ya uwakilishi, ambayo wengi huiita pawa ofu atoni. Familia nyingi huichukulia kama barua ya kawaida ya ruhusa, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Hati hii humpa mwakilishi yale yaliyoandikwa tu. Mahakama huisoma kwa kuibana: ikisema mdogo mtu “asimamie” kiwanja, ataweza kulipa kodi ya ardhi na kumfukuza mvamizi, lakini hataweza kuuza. Kwa hiyo nesi wetu anapaswa kutaja kila tendo kwa jina lake: kuuza kiwanja namba fulani, kitalu fulani, chenye hati namba fulani, kusaini mkataba wa mauziano na fomu za uhamisho, kupokea fedha na kuziweka katika akaunti ya mwenye mali. Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, kwa sababu ugomvi mwingi wa ndugu huzuka baada ya mauzo, fedha zikiwa tayari mkononi mwa mmoja wao. Akipenda, aweke pia bei ya chini ambayo mwakilishi haruhusiwi kuishuka, na tarehe ya hati kufikia kikomo. Hati ya jumla, inayosema “afanye lolote kwa niaba yangu”, huonekana rahisi kuandika, lakini ni hatari kwa mtu aliye mbali.

Sasa, afisa wa ardhi Dodoma atajuaje kwamba saini ile ni ya nesi kweli? Hamjui yeye, wala hamjui mwanasheria wa Leicester aliyeishuhudia. Hapo inahitajika mihuri inayofuatana, kila mmoja ukithibitisha ule uliotangulia. Nesi anakwenda kwa notari na pasipoti yake, na anasaini mbele yake. Akifika na karatasi aliyokwisha kuisaini nyumbani, notari atamtaka asaini upya. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza inathibitisha saini na muhuri wa notari. Mwisho, Ubalozi wa Tanzania London unathibitisha muhuri wa wizara hiyo. Mpangilio haurukwi, maana ubalozi hauna kumbukumbu ya saini za manotari wote wa Uingereza. Njia nyingine ni kusaini mbele ya afisa wa ubalozi mwenyewe, na kwa anayeweza kusafiri hadi London mara nyingi hii ndiyo fupi zaidi.

Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 zimejiondolea hatua ya ubalozi. Baina yao cheti kimoja, apostili, kinatosha. Oman na Burundi zimo, na Rwanda mkataba ulianza kutumika tarehe 5 Juni 2024. Hadi mwaka huo Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa bado hazijajiunga, ndiyo maana nesi wa Leicester hakwepi ubalozi. Na ieleweke kwamba apostili huthibitisha saini na muhuri tu. Hati iliyosahau neno “kuuza” haiponi kwa apostili.

Karatasi ikishathibitishwa hutumwa Tanzania yenyewe halisi, kwa sababu picha ya WhatsApp haisajiliwi. Ikifika, hulipiwa ushuru wa stempu. Hati iliyosainiwa nje ina siku 30 tangu ipokelewe nchini. Kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati kabla ya uhamisho. Hapa kinachokwamisha sana ni majina. Kama hati ya kiwanja ina majina mawili na pasipoti ina matatu, msajili atadai kiapo kinachoeleza kwamba mtu ni yuleyule. Ni nafuu kuligundua hilo Leicester, kabla ya kulipia muhuri wa kwanza.

Yapo pia ambayo mihuri yote haiwezi kuyaokoa. Mwenye mali akifariki, au akipoteza akili timamu, mamlaka ya mwakilishi kwa kawaida hukoma. Mdogo mtu akiendelea kuuza baada ya msiba, anauza mali ya marehemu bila idhini, na njia sahihi ni kufungua mirathi mahakamani. Na nesi akiwa hai lakini akabadili mawazo, haitoshi kuichana nakala yake. Aandike hati ya kufuta, ampe taarifa mdogo wake na mnunuzi, na aifikishe kwa Msajili wa Hati, kwa kuwa mnunuzi asiyejua kwamba mamlaka yamefutwa anaweza kulindwa na sheria, na kiwanja kikawa kimekwenda.