Barua Pepe Yenye Jina la Kampuni, na Rekodi Zinazoilinda

Kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro huishi kwa barua pepe. Mgeni wa Munich au Toronto huuliza bei, hupangiwa tarehe, kisha hutumiwa ankara ya malipo ya awali, na yote hayo hufanyika kabla hajaona sura ya mtu yeyote wa Moshi. Ankara hiyo ikitoka kwenye anwani inayoishia na gmail.com, mgeni hana pa kuanzia kuihakiki. Anwani ya namna hiyo hufunguliwa na yeyote kwa dakika chache, bila malipo. Tapeli anayetaka kujifanya kampuni huongeza herufi moja kwenye jina, kisha humtumia mgeni namba ya akaunti nyingine ya benki.

Anwani yenye jina la kampuni, kama info@safarimfano.co.tz (jina tulilolitunga kwa ajili ya makala haya), hubadili hali hiyo, kwa kuwa mwenye jina peke yake ndiye anayeweza kufungua anwani chini yake. Lakini kununua jina na kufungua sanduku ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo husahauliwa, ni kuzitangazia seva za dunia nani ameruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo. Isipofanyika, jina zuri huweza kuigizwa vilevile, na barua halali za kampuni huishia kwenye folda ya barua taka.

Kazi huanza na jina lenyewe, yaani kikoa, ambacho mafundi wengi hukiita domeini. Majina ya .co.tz hununuliwa kwa wasajili walioidhinishwa, ya.co.ke, nchini Kenya, yako chini ya KeNIC. Jina halinunuliwi mara moja likawa lako milele, bali hulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka, na lazima lihuishwe. Hapa ndipo kampuni nyingi hujifunga bila kujua: fundi anayetengeneza tovuti huombwa "ashughulikie kila kitu", naye husajili jina kwa jina lake mwenyewe, kwa simu yake na anwani yake. Miaka mitatu baadaye amehama mji au wamekosana, na kampuni hugundua kwamba mbele ya msajili yeye ndiye mwenye mali. Akaunti ya msajili ifunguliwe na mwenye kampuni, na fundi apewe ruhusa ya kuingia kufanya kazi yake.

Anwani ya mawasiliano inayoandikwa kwa msajili nayo isiwe chini ya jina hilohilo. Jina likiisha muda, barua za info@safarimfano.co.tz hukoma kufika, na onyo la msajili litakuwa linatumwa kwenye sanduku ambalo halifunguki tena. Akija mtu mwingine akalinunua jina lililoachwa, anaweza kupokea barua zote zinazotumwa huko, zikiwemo zile za kubadilisha nywila za akaunti nyingine za kampuni.

Hata wakubwa huteleza hapa. Krismasi ya mwaka 1999, watumiaji wa Hotmail walishindwa kuingia kwenye masanduku yao kwa sababu Microsoft haikuwa imelipia jina passport.com, lililotumika kuhakiki wanaoingia. Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Michael Chaney, aliliona tatizo hilo akalipa ada ya dola 35 kwa kadi yake mwenyewe, na huduma ikarudi. Microsoft ilipata msamaria mwema. Kampuni ya Moshi isitegemee bahati hiyo; iwashe malipo ya kujihuisha, au ilipie miaka kadhaa kwa mkupuo pale msajili anaporuhusu.

Jina likishapatikana, linahitaji sanduku. Njia rahisi kwa bei ni ile inayokuja pamoja na tovuti: anayehifadhi tovuti hutoa pia masanduku ya barua kwenye seva yake. Kasoro yake ni kwamba seva hiyo hutumiwa na wateja wengi, na barua zote hutoka kwenye anwani moja ya mtandao. Mteja mmoja akidukuliwa na tovuti yake ikaanza kumwaga barua taka, anwani hiyo huingizwa kwenye orodha za wanaozuiwa, kama zile za Spamhaus, na barua za majirani wote hukataliwa pamoja naye. Kwa biashara inayoishi kwa ankara, ni afadhali kulipia huduma iliyojikita kwenye barua, kama Google Workspace, Microsoft 365 au Zoho. Gharama hapo huhesabiwa kwa kila mtumiaji, si kwa kila anwani. Mtu mmoja anaweza kuwa na sanduku moja likapokea barua za info@, za malipo@ na za jina lake, bila kulipia masanduku matatu.

Kinachobaki ni rekodi. Kila jina la kikoa lina ukurasa wa mipangilio wa DNS, kwenye akaunti ya msajili au ya anayehifadhi tovuti, na humo huandikwa mistari mifupi inayosomwa na seva za barua kote duniani. Kampuni yetu ya mfano, iliyochagua Google Workspace, ingeanza na mitatu:

```
safarimfano.co.tz         MX   1 smtp.google.com
safarimfano.co.tz         TXT  "v=spf1 include:_spf.google.com ~all"
_dmarc.safarimfano.co.tz  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@safarimfano.co.tz"
```

Mstari wa kwanza, MX, huelekeza barua zinazokuja: anayeiandikia kampuni, seva yake huuliza barua ipelekwe wapi, nayo hujibiwa smtp.google.com. Rekodi za MX za huduma ya zamani zikiachwa kando yake, barua nyingine zitaendelea kwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu, na mgeni atadhani amepuuzwa. Zifutwe zote, lakini tu baada ya masanduku mapya kufunguliwa na majina ya watumishi kuingizwa. MX ikibadilishwa kabla ya hapo, barua zitarudishwa kwa waliotuma.

Mstari wa pili ni SPF, orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina la kampuni. Huu ndio unaoharibika mara nyingi, na sababu yake huwa ileile. Tovuti ya kampuni ina fomu ya kuomba nafasi, na mgeni akiijaza, seva ya tovuti humtumia barua ya kuthibitisha kwa jina la info@. Seva hiyo si ya Google, kwa hiyo haimo kwenye orodha. Fundi hugundua kwamba barua za fomu zinaingia kwenye taka, naye huongeza mstari wa pili wa SPF chini ya ule wa kwanza. Kanuni ya SPF huruhusu mstari mmoja tu kwa kila jina. Ikiwepo miwili, seva inayopokea huhesabu kwamba kuna kosa na haiukubali hata mmoja, na sasa hata barua zinazotoka Google, ambazo jana zilikuwa salama, huanza kutiliwa shaka. Dawa ni kuiunganisha:

```
v=spf1 include:_spf.google.com ip4:203.0.113.25 ~all
```

Namba iliyo katikati ni ya mfano. Kampuni huandika anwani halisi ya seva ya tovuti yake.

SPF ina mpaka wake. Barua ikielekezwa kutoka sanduku moja hadi jingine, huonekana imetoka kwa aliyeielekeza, ambaye hayumo kwenye orodha, na huanguka mtihani. Ndiyo sababu inahitajika DKIM, sahihi ya kidijitali inayoambatanishwa na kila barua na kusafiri nayo popote inapoelekezwa, mradi maandishi yake hayakuguswa njiani. Huduma ya barua hutengeneza funguo mbili: wa siri hubaki kwake, wa wazi hubandikwa kwenye DNS, na kwa Google hukaa chini ya jina google._domainkey. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kupita herufi 255, kiasi kinachoweza kukaa kwenye kipande kimoja cha maandishi ya DNS. Baadhi ya mitambo huugawa yenyewe. Mingine huukata mkia kimyakimya, na sahihi haisomeki. Hivyo baada ya kuubandika, usomwe tena na ulinganishwe hadi herufi ya mwisho, kisha ndipo utiaji sahihi uwashwe kwenye ukurasa wa msimamizi, hatua ambayo watu husahau wakidhani kubandika kunatosha.

Mstari wa tatu, DMARC, huwaambia wapokeaji wafanye nini na barua inayodai kutoka kwenye kampuni huku haina ushahidi wa SPF wala wa DKIM unaolingana na jina hilo. Neno p=none maana yake ni "msizuie kitu, nileteeni ripoti tu". Kampuni isome ripoti hizo kwa wiki kadhaa, maana humo ndimo watajitokeza watumaji waliosahaulika: fomu ya tovuti, programu ya uhasibu, huduma ya kutuma majarida. Wote wakishasawazishwa, p=none hubadilishwa kuwa p=quarantine, barua za kughushi zipelekwe kwenye taka, na baadaye p=reject, zikataliwe mlangoni. Anayerukia p=reject siku ya kwanza hujizuilia ankara zake mwenyewe.

Ulinzi huu unazuia kughushiwa kwa jina lenyewe. Hauzuii tapeli kununua jina linalofanana, lenye kistari au herufi ya ziada, na kulitumia. Kwa hiyo namba ya akaunti ya benki iwekwe wazi kwenye mkataba wa mwanzo, na mgeni aambiwe mapema kwamba haitabadilishwa kwa barua pepe.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimezidisha ukali. Anayewatumia watu wa Gmail zaidi ya barua 5,000 kwa siku lazima awe na SPF, DKIM na DMARC. Mtumaji mdogo lazima awe angalau na SPF au DKIM. Barua iliyokataliwa kwa sababu hiyo hurudi na namba 550 5.7.26, na fundi akiiona ajue pa kutazama. Kupima si kazi ngumu: tuma barua kwenye sanduku lolote la Gmail, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu pembeni, chagua Show original. Juu ya ukurasa utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja ikifuatiwa na neno PASS au FAIL. Rudia kipimo hicho kwa barua iliyotoka kwenye fomu ya tovuti.

Sanduku la zamani la bure lisifungwe. Liwekewe kuelekeza barua kwenye anwani mpya, na kila jibu litoke kwenye anwani mpya ili wateja waizoee. Benki, TRA, BRELA na mitandao ya kuuzia safari nazo zibadilishiwe anwani, moja baada ya nyingine, pamoja na mihuri na kadi zinazochapishwa. Na mtu aingie kwenye sanduku hilo la zamani mara kwa mara, kwa kuwa Google huweza kufuta akaunti binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2, pamoja na barua zote za wageni zilizomo.