Siku 30 za broka si siku 30 zako

Mabroka wa bima Nairobi wanaijua barua hii. Inatoka idara ya fedha ya kampuni ya bima, imeambatanishwa na taarifa ya akaunti yenye madeni ya wateja, na inakumbusha mambo mawili: ada zilizokusanywa ziwasilishwe ndani ya muda wa mapatano, mara nyingi siku 30, na bima isiyolipiwa haina kinga.

La pili si ukali wa mhasibu. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kinaikataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada, isipokuwa malipo yamedhaminiwa au amana imewekwa kwa namna iliyowekwa na kanuni. Zile siku 30 ni za broka kupeleka fedha. Mteja anayezihesabu kama mkopo wake amekosea hesabu.

Tuseme mfanyabiashara wa nguo anakata bima ya moto kwa ada ya shilingi 80,000. Ikiongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ile ya mfuko wa fidia kwa wenye bima ya asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40, jumla ni 80,400. Bima inaanza Machi 1. Broka anamtumia hati ya deni, naye anaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Machi 20 duka linaungua. Asubuhi yake anakimbia kulipa, lakini kampuni italinganisha tarehe ya malipo na tarehe ya moto, na dai lake litakwama hapo.

Sasa tuseme alimlipa broka Machi 3, na broka akakaa na fedha. Hapa ndipo penye kesi. Kwa kawaida broka humwakilisha mteja, kwa hiyo fedha zilizo mfukoni mwake huenda zisihesabiwe kuwa zimefika. Yote hutegemea kama kampuni ilimruhusu kupokea ada kwa niaba yake, na ruhusa hiyo imo kwenye mkataba ambao mteja hauoni. Binafsi naona ni mzigo usio wa haki kwa mwenye duka, lakini kinga yake ni rahisi: alipe moja kwa moja kwenye paybill ya kampuni, aandike namba ya bima, na adai risiti ya kampuni yenyewe. Hati ya deni inaonyesha anachodaiwa tu, hata ikiwa na nembo ya kampuni.

Kwenye magari mambo hubadilika kidogo. Cheti kikishatolewa, Sura ya 405 inaweza kuibana kampuni imlipe mtu wa tatu aliyegongwa, hata kama mwenye gari bado anadaiwa. Ndiyo maana anayelipa kwa awamu hupewa cheti cha mwezi mmoja, na cha mwezi unaofuata hakitoki mpaka awamu yake iingie.