Kumwimbia Mgonjwa

Mvua za masika zikiisha pwani ya Tanga, maji hutuama katika madimbwi ya mashambani na kando ya nyumba, na mbu huzaliwa kwa wingi. Hayo ndiyo majira ambayo malaria huzidi. Katika hospitali ya Bombo mjini Tanga, ya Teule huko Muheza, na ya Bumbuli juu ya milima ya Usambara, kila siku wako watu wanaolala na kungoja nafuu. Siku ya Jumapili, ibada ikiisha, wanakwaya na wanafunzi huenda kuwatazama na kuwaimbia.

Desturi hii ni njema, walakini kumwimbia mgonjwa si sawa na kuimba kanisani. Kanisani watu wote huufuata wimbo. Penye kitanda wimbo hauna budi kumfuata mgonjwa. Asiyejua jambo hili huweza kumchosha mgonjwa aliyekuja kumfariji, au hata kumdhuru. Basi katika somo hili tutachukua wimbo mmoja, nasi tutaona jinsi ya kuuimba mbele ya mgonjwa mmoja.

Wimbo wenyewe ni ule unaomwita Yesu rafiki, ambao wajulikana sana katika makanisa yetu. Maneno yake yalitungwa yapata mwaka 1855 na Joseph Scriven, mtu wa Ailandi aliyehamia Kanada. Mama yake aliugua huko kwao Ailandi, na mwanawe alikuwa ng'ambo ya bahari. Hakuweza kuketi kando ya kitanda chake wala kumpa maji ya kunywa. Akamtungia shairi, akampelekea. Tuni inayotumika sana kwa maneno hayo ilitungwa baadaye, mwaka 1868, na Charles Converse wa Marekani. Hivyo wimbo huu haukutungiwa kwaya kubwa, bali mgonjwa mmoja.

Sasa tuseme kwamba bibi mmoja amelazwa Bombo kwa ugonjwa wa nimonia, yaani kuvimba kwa mapafu, nanyi wanafunzi watatu mmekwenda kumtazama. Kwanza mwulizeni muuguzi kama inafaa kuingia na kuimba. Kisha pigeni hodi, mwamkieni bibi, "Shikamoo bibi, pole kwa kuugua." Akiisha kuwaitikia, mmoja wenu amwulize, "Bibi, wapenda tukuimbie, au wataka kupumzika?" Swali hili si la adabu tu. Mwenye homa mara nyingi huumwa na kichwa, na kila sauti humgonga kama nyundo. Akikataa, keteni kimya kidogo, mkaage. Mmemfaa vivyo hivyo.

Tuseme bibi amekubali. Kabla ya kuanza, tazameni pumzi zake. Tazameni jinsi kanga yake inavyoinuka na kushuka kifuani, mkahesabu kwa muda wa nusu dakika, kisha mzidishe hesabu mara mbili. Mtu mzima aliye na afya, akiwa ametulia, hupumua kama mara 12 hata 20 kwa dakika. Tuseme huyu bibi mmemhesabia 15 kwa nusu dakika, yaani 30 kwa dakika moja. Maana yake ni kwamba kila pumzi yake, kuvuta na kutoa, ni sekunde 2 tu.

Sasa pimeni wimbo. Kila beti ina mistari 8, na mstari mmoja ukiimbwa kwa mwendo wa kadiri huchukua kama sekunde 6. Ninyi wenye afya mwaweza kuuimba mstari mzima kwa pumzi moja. Lakini katika muda huo huo bibi hana budi kupumua mara 3. Akijitahidi kwenda pamoja nanyi atakatika katikati ya neno, atakohoa, na pengine ataona haya kwamba hata kuimba kumemshinda. Ndiyo sababu mara nyingine mgonjwa hulia anapoimbiwa, na watu hudhani kwamba ameguswa moyo, kumbe amechoka.

Dawa ya jambo hili ni rahisi. Mwambieni tangu mwanzo, "Bibi, wewe sikiliza tu. Ukipenda, utamalizia neno la mwisho." Kisha imbeni mstari, na mwisho wake mshikilie noti kidogo na kungoja. Bibi akitia neno moja, au akitikisa midomo tu, ameimba. Tena msiharakishe mwendo. Mtu asikilizaye wimbo wa polepole mara nyingi hutulia, na pumzi yake hutulia pamoja naye. Lakini msiuburute hata ukawa kama maombolezo.

Jambo la pili ni sauti ya kuanzia. Wengi hukosea hapa, kwa sababu wamezoea kuanza kwa sauti ya juu ili kanisa zima lisikie. Mkiufahamu wimbo huu kwa solfa, mtaona kwamba noti yake ya kwanza ni so, na noti iliyo juu kuliko zote ni la, hatua moja tu juu ya ile ya kwanza. Noti ya chini kabisa ni so ya chini. Basi mwanzo wa wimbo u karibu na kilele chake. Mkiianza juu mno, hamtapata nafasi ya kushuka. Mtaimba kwa kukaza koo hata mwisho.

Vitabu vingi huuandika wimbo huu katika ufunguo wa F. Kwa mgonjwa aliyelala, ambaye sauti yake imeshuka kwa udhaifu, ushusheni hata ufunguo wa D. Kama hamna chombo cha kuwapa noti, fanyeni hivi: mmoja wenu aimbe kwa kufumba midomo ile noti ya la, polepole kabisa. Ikitoka laini bila kukwaruza, sauti imefaa. Shukeni hatua moja, muanze. Ikiwa haitoki ila kwa nguvu, shukeni tena. Kipimo cha nguvu ya sauti ni hiki: aliye katika kitanda cha tatu asisumbuke.

Kwa maana bibi hayuko peke yake chumbani. Pwani yetu Wakristo na Waislamu huishi nyumba kwa nyumba, na hospitalini hulala kitanda kwa kitanda. Kitanda cha kwanza bibi asikiliza wimbo. Cha pili mzee mmoja asomewa Yasini na mwanawe. Msiimbe juu ya sauti ya kisomo. Ngojeni kiishe, mkaombe radhi kwa jirani kabla ya kuanza. Mtu aliyeombwa kwa heshima huvumilia, na mara nyingine husikiliza kwa furaha.

Jambo la tatu ni maneno ya wimbo. Ziko nyimbo nzuri sana ambazo watu wetu wamezizoea makaburini. Mgonjwa akizisikia penye kitanda chake hufikiri, "Kumbe wamekwisha kunihesabu katika wafu!" Basi hizo ziacheni, isipokuwa mwenyewe amezitaka. Akizitaka, mwimbieni bila kumbishia, maana yeye ndiye ajuaye haja ya moyo wake. Tena ziko nyimbo za shangwe zinazomtaka kila mtu aruke na kupiga makofi. Hizo pia hazimfai asiyeweza kujigeuza kitandani. Wimbo unaofaa ni ule unaoyakubali maumivu kwanza, kisha kuleta tumaini. Fungueni Zaburi ya 13 mkaitazame: ni fupi, nayo huanza kwa kulalamika kwamba Mungu amekawia, na huishia kwa kusema kwamba mtu ataimba. Mwenye Zaburi hakuanza na shangwe, aliifikia.

Sasa hesabuni urefu. Wimbo wetu una beti 3, yaani mistari 24. Kwa sekunde 6 kila mstari, ni sekunde 144, zisizofika dakika 2 na nusu. Kwa mgonjwa wetu wimbo huu mmoja watosha, pamoja na sala fupi. Hata hivyo msiyatazame maneno kitabuni wakati wote, mtazameni yeye. Akikunja uso, akiugeuzia ukuta, au kanga ikianza kuinuka upesi kuliko mlivyohesabu, malizeni beti mliyo nayo mkakome. Na akionekana kutweta, au midomo yake ikibadilika rangi, acheni wimbo mara moja mkamwite muuguzi.

Limebaki jambo moja zito. Aimbaye hutoa pumzi kwa nguvu, na ndani ya pumzi hiyo kuna matone madogo sana yanayoweza kuchukua ugonjwa. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington huko Marekani, watu 61 wa kwaya moja walikutana kufanya mazoezi. Mmoja alikuwa na dalili za mafua, naye hakujua kwamba ni korona. Waliimba pamoja kama saa 2 na nusu. Katika hao 61, watu 53 walionekana kuwa na ugonjwa huo, na 2 wakafa. Hawakuwa wamefanya baya lolote, waliimba tu. Basi mwenye mafua au kikohozi asiende kumwimbia mgonjwa. Na mkienda, simameni upande wa miguu ya kitanda, mbali na uso wake, madirisha yawe wazi. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, fuateni neno la daktari.

Mwisho, fahamuni mpaka wa kazi ya wimbo. Wataalamu wamechunguza wakaona kwamba muziki wa upole huweza kupunguza hofu na maumivu kwa kiasi fulani. Lakini hauui vijidudu vya malaria wala vya nimonia. Dawa mseto ya malaria humezwa mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Mara nyingi homa hushuka kabla dawa haijaisha. Hapo mtu aliyeimbiwa jana huweza kusema, "Nimepona kwa wimbo," akaziacha dawa zilizobaki, na vijidudu vilivyosalia vikazaana tena. Kwa hiyo mtakapokwenda nyumbani kwa mgonjwa wa malaria, mwulizeni kwa upole, "Bibi, dawa ya leo umekwisha kuimeza?" Kama bado, mpeni maji, ameze kwanza. Kisha imbeni.

Maswali

1. Mgonjwa amehesabiwa pumzi 12 kwa nusu dakika. Je, ni ngapi kwa dakika moja? Mstari wa sekunde 6 ukiimbwa, yeye atapumua mara ngapi, kwa kukadiria?
2. Kwa nini wimbo unaoanza karibu na noti yake ya juu hauna budi kuanzwa kwa sauti ya chini?
3. Taja dalili tatu zinazoonyesha kwamba imefaa kukoma kuimba.
4. Mwenzako ana mafua, naye ataka sana kwenda kumwimbia babu yake. Utamwambia nini?