Mama Aliyelia Ni Nani?

Barua yenyewe haijazi hata ukurasa mmoja. Imeandikwa kwa penseli na mtoto wa darasa la tatu wa kijiji kimoja mkoani Dodoma, kwenda kwa mfadhili wake aliyeko Kanada. Nimeitunga mwenyewe, kwa kuwa barua halisi za watoto si za kuanikwa gazetini, lakini aliyewahi kuzitafsiri ataitambua mara moja:

“Shikamoo mfadhili wangu. Mimi mzima hofu kwako tu. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa mbuzi wetu amezaa mapacha mmoja amekufa mama alilia sana hakula alikuwa anampenda. Mimi naamka saa kumi na moja nachota maji kisha naenda shule kisha narudi. Dada amerudi na mtoto anaitwa kama wewe. Je huko kwenu kuna mbuzi.”

Chini yake pamechorwa mbuzi wawili, mkubwa na mdogo, na mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko nyumba.

Mtindo huu wa mtu mmoja kumfadhili mtoto mmoja na kuandikiana naye ni wa siku nyingi. Shirika ambalo leo linaitwa Plan International lilianzia huko mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na Compassion lilianza mwaka 1952 kwa yatima wa vita vya Korea. Afrika Mashariki, barua hutoka kwa mtoto ikapitia kwa mwalimu wa kituo, ikafika kwa mtafsiri ambaye aghalabu yuko mjini na hajawahi kumwona mtoto huyo. Kwa kawaida karatasi ya mtoto husafiri pamoja na tafsiri yake, na jambo hilo dogo linampunguzia mtafsiri mzigo. Mfadhili atauona mwandiko uliopinda na herufi zilizofutwafutwa. Hakuna haja ya kuharibu tahajia ya Kiingereza ili mtoto aonekane mtoto. Kufanya hivyo ni kumdhihaki.

Kazi inaanza kwenye yale ambayo mfadhili hawezi kuyaelewa hata akisoma mara tatu. Jepesi kuliko yote ni saa. Mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua. Ukimwandikia Mkanada namba 11, atadhani mtoto analala mpaka karibu na adhuhuri, halafu ashangae shule anaifika saa ngapi. Kwa saa ya Kizungu hiyo ni saa 5, na tafsiri iseme hivyo, pamoja na neno la kuonyesha kwamba ni alfajiri. “Hofu kwako tu” nayo haihitaji mjadala mrefu. Kwetu ni salamu; ikigeuzwa neno kwa neno inakuwa kama mtoto anamwogopa mfadhili au anamtisha. Andika kwamba yeye ni mzima na anataka kujua kama mfadhili naye ni mzima.

Pagumu ni kwa mbuzi. Nani alilia? Nani hakula? Nani alikuwa anampenda nani? Kiswahili kinamruhusu mtoto kusema “alilia” bila kutaja kama ni mwanamume, mwanamke au mnyama, na neno “mama” linamtosha mbuzi kama linavyomtosha mzazi wa mtoto. Kiingereza hakikubali kubaki hivyo. Kinataka kiwakilishi, na kila kiwakilishi kinamchagua mhusika.

Mtafsiri mvivu ataandika kwamba mama mzazi alilia, kwa kuwa ndiyo maana ya kwanza kumjia. Lakini tazama “hakula”. Mama mzazi kususa chakula kwa ajili ya mwanambuzi inawezekana, ila ni nadra. Mbuzi aliyefiwa hulia kwa sauti na anaweza kuacha majani. Fungua jalada la mtoto, kama unalo. Pengine limeandikwa kwamba anaishi na bibi yake na mama hayupo. Hapo mama ni mbuzi. Au pengine bibi ndiye anayeitwa mama, jambo la kawaida kabisa, na umerudi ulikoanzia. Rudi kwenye mchoro: mbuzi mkubwa ana duara mbili za bluu chini ya macho. Mtoto amechora machozi. Mimi hapo ningeandika mama mbuzi, nikatulia.

Je, kama mchoro usingekuwepo? Njia bora ni kumpigia mwalimu wa kituo amuulize mtoto. Isipowezekana, andika maana unayoona ndiyo ya karibu, kisha weka mabano yanayoonyesha wazi kwamba anayesema ni mtafsiri, ukieleza kuwa huenda ni mama yake. Usichanganye sauti yako na ya mtoto katika sentensi moja. “Dada” ni vilevile. Anaweza kuwa wa tumbo moja, au binti wa mama mdogo. Hapa usichimbe, ukiandika dada hujamdanganya mtu.

Sasa lile ambalo watafsiri wengi wazuri wanaliharibu kwa nia njema. Wakishaelewa, wanapanga. Habari ya dada wanaipeleka juu karibu na familia, maji na shule wanavipa aya yake, na kati ya kifo cha mwanambuzi na kuamka alfajiri wanapachika kiunganishi kinachosema kwamba hata hivyo maisha yanaendelea. Mtoto hakusema hivyo. Ameruka kutoka msibani hadi kisimani bila daraja kwa sababu ana miaka tisa, na ule mruko ndio yeye. “Kisha” mbili zibaki mbili. Weka nukta pale pumzi inapokatika, basi.

Maneno nayo yapimwe. Kwa mambo mengi Kiingereza kina neno la nyumbani na neno la ofisini, na mtafsiri aliyesomea kwenye hotuba na ripoti hukimbilia la ofisini. Mbuzi wa mtoto asife kwa lugha ya tangazo la maombolezo. “Dhumuni la barua hii”, hata hivyo, ningeliacha na uzito wake. Mtoto amefundishwa darasani kwamba barua huanza hivyo, na ule urasmi wa ghafla kabla ya habari za mbuzi unachekesha kwa namna yake.

Ukirudisha sehemu ya kati ya tafsiri hiyo kwa Kiswahili, isomeke hivi: “Mbuzi wetu amezaa mapacha. Mmoja amekufa. Mama mbuzi alilia sana. Hakula. Alikuwa anampenda mwanawe.” Yaliyoongezwa ni nukta, neno “mbuzi” na neno “mwanawe”. Ukijikuta umeongeza zaidi ya hapo, soma tena.

Kuna yasiyotafsiriwa yakaachwa yaende. Namba ya simu na anwani huondolewa kwa usalama wa mtoto. Na mtoto akiandika kwamba anapigwa au analala njaa, mtafsiri halainishi sentensi wala haituma. Barua inasimama kwanza, na anayehusika na ulinzi wa watoto anaarifiwa siku hiyohiyo.

Imebaki sentensi ya mwisho, isiyo na alama ya kuuliza. Iwekee, na uipe mstari wake peke yake. Wafadhili wengi hawajui waandike nini; swali la wazi linawapa pa kuanzia, na mtoto aliyeuliza kuhusu mbuzi atakuwa anasubiri kujibiwa kuhusu mbuzi, si kuhusu maendeleo yake shuleni.