Jiwe Lililokua Kutoka Kiini, Jiwe Lililokua Kutoka Ukutani

Kwenye ufuko wa Koekohe, Nyuzilandi, mawe ya mviringo yametapakaa mchangani kama mipira ya majitu. Makubwa yana kipenyo cha kama mita 2. Wamaori husimulia kwamba ni vibuyu, madema ya mikunga na viazi vitamu vilivyosombwa ufukoni mtumbwi wa Arai-te-uru ulipovunjika. Mgeni hudhani yamelainishwa na mawimbi. Sivyo, yalikuwa duara kabla bahari hii haijayagusa.

Yalianza yapata miaka milioni 60 iliyopita, ndani ya tope lililotuama chini ya bahari ya kale. Bakteria walipokula mabaki ya viumbe topeni, walitoa kaboneti, nayo ikaungana na kalisi iliyoyeyuka majini na kuwa kalsaiti. Kalsaiti hiyo ikajaza nafasi kati ya chembe za tope na kuzishika, kama saruji inavyoshika mchanga. Tope lilikuwa la namna moja pande zote, kwa hiyo donge likanenepa sawasawa kutoka kiini kwenda nje. Pale maji yanapopita kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine, donge hutoka bapa kama chapati. Watafiti wanakadiria kwamba makubwa ya Koekohe yalichukua miaka milioni 4 hadi 5.5 kukua. Baadaye tope likawa mwamba laini, na sasa bahari inaumega mwamba huo na kuyaacha madonge, maana ni magumu zaidi.

Jiodi hukua kinyume chake: nafasi hutangulia, jiwe hufuata. Artigas, kaskazini mwa Urugwai, ni nchi ya lava iliyomwagika kiasi cha miaka milioni 134 iliyopita. Lava ilipoganda, mapovu ya gesi yalinaswa ndani yake. Fuwele hazikuzaliwa na moto ule. Zililetwa baadaye na maji yaliyopenya mwambani yakiwa yamebeba silika, yakaipaka kwenye kuta za tundu utando juu ya utando. Tando za mwanzo ni akiki yenye mistari. Kisha kwatsi, ikipata nafasi na utulivu, huchongoka kuelekea katikati. Chuma kidogo ndani yake, pamoja na mnururisho wa asili wa miamba, huipa rangi ya zambarau, nayo huitwa amethisto. Silika ikiendelea kuja, tundu hujaa kabisa, na mchimbaji akilipasua hukuta akiki tupu.

Ndiyo maana mwenye uzoefu hulipima jiwe mkononi kwanza. Likiwa jepesi kuliko ukubwa wake, huenda lina uwazi. Donge la kalsaiti ni zito, na ukilikwangua kidogo na kudondoshea siki kwenye unga wake, hutoa povu. Kwatsi hainyanyui hata tone.

Rangi ndiyo ya kutiliwa shaka. Fuwele nyingi za manjano madukani ni amethisto iliyochomwa tanuruni.